Kawa, Koroma, Kifuu: Tulivyolitafuta Jina la Mkahawa

Karatasi ya kwanza ya majina tuliiandika sebuleni kwa nyanya, Kibokoni, Mombasa, siku ya tatu ya Idi, sinia la kaimati likiwa katikati yetu. Mamangu na mamdogo walikuwa wamekwisha kulipa kodi ya chumba South C, Nairobi. Miaka mingi walipika nyumbani kwa oda: biriani ya harusi, samaki wa kupaka, mahamri na mbaazi za asubuhi. Wateja walikuwa wakisema tu "chakula cha kina mama wa Mombasa". Sasa palikuwa na mlango, na juu ya mlango palihitajika maandishi. Kazi hiyo nikapewa mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa nikipokea simu za oda.

Majina yalimiminika. Ladha za Pwani, Mambo ya Pwani, Jahazi, Baraza, Swahili hili na Swahili lile. Kila mtu alikuwa nalo moja, na kila moja lilishangiliwa. Wepesi ule ndio uliopaswa kutushtua. Jina linalomjia mjomba kabla hajameza kaimati yake limewajia pia watu wengine mia waliohama Pwani wakafungua hoteli bara. Sisi hatukuliona hilo. Tulichagua Ladha za Pwani usiku uleule, na kabla sijarudi Nairobi nikawa nimeagiza kadi za menyu na mifuko ya karatasi 500 yenye jina hilo.

Wiki iliyofuata nikaingia eCitizen kuomba jina lisajiliwe. Likarudi: lilifanana mno na jina lililokwisha kusajiliwa. Nikajaribu kuliongeza neno mbele, likarudi tena. Mifuko ile tulifungia bajia za majirani mwezi mzima. Tangu hapo sijachapisha hata risiti kabla ya kutafuta jina kwenye daftari la serikali, na namwambia hivyo kila anayeniuliza.

Lakini hata lingepita, naamini lingetuletea shida ya pili. Ladha za Pwani ni maelezo ya chakula. Kila mpishi wa wali wa nazi ana haki ya kusema chakula chake kina ladha ya Pwani, na hakuna sheria itakayomnyamazisha kwa sababu sisi tumetangulia. Mteja naye akitafuta maneno hayo kwenye simu anapata orodha ndefu ya hoteli, na sisi tumo humo katikati kama punje ya mchele.

Tukarudi mwanzo. Safari hii mamangu alitaka jina la nyanya, maana mapishi yote ni yake. Yeye ndiye aliyewafundisha binti zake kutenga tui la kwanza, lile zito tunaloliita kasimile, wakalitia mwisho baada ya samaki kuiva, ili lisikatike. Nani mwingine angestahili? Nilidhani nyanya angefurahi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Jina langu nimelichunga miaka themanini, mwanangu. Sitaki mtu akae South C aseme, kwa fulani nimekuta nywele kwenye mchuzi."

Nilielewa. Kwetu mwanamke mzee haitwi kwa jina lake hadharani. Huitwa mama fulani au Bi fulani, na hata hilo husemwa kwa sauti ya heshima. Kuna na jambo la urithi, ambalo yeye alilitaja na sisi hatukuwa tumelifikiria. Siku binti zake wawili wakigawana kazi, jina la mama yao litabaki kwa nani? Mkahawa hugawanyika, jina la marehemu halina namna ya kugawanywa bila maneno. Tukajaribu "Kwa Nyanya" bila kumtaja mtu. Ndugu yangu mdogo akauliza kama tunauza mboga. Nyanya ni bibi, na nyanya ni tungule. Ukiiandika ubaoni, hakuna kinachomwambia mpita njia ni ipi.

Ami yetu, mtu wa msikitini, alipendekeza jina lenye kumtaja Mola, kwa baraka. Nyanya ndiye aliyelikataa, kwa upole sana. Alisema jina la hoteli huandikwa kwenye tishu na mifuko ya kubebea chakula, na vitu hivyo huishia jaani vikiwa na mafuta. Ami mwenyewe alikubali papo hapo. Tangu siku ile nikiona mfuko wa duka lolote umelala mtaroni, hutazama kwanza kilichoandikwa.

Hapo ndipo tulipoamua kuingia jikoni. Tulisema: badala ya kuisifu Pwani, tutafute kitu kilichomo mikononi mwa mpishi wa Pwani, ambacho mtu wa bara hana. Nilikaa na nyanya alasiri nzima, naandika kila alichokigusa. Mbuzi ya kukunia nazi. Kifumbu cha kukamulia tui. Chicha inayobaki. Kifuu, kumbi, kata, upawa, kawa la kufunikia chakula. Kisha majina ya nazi yenyewe kadiri inavyokua mtini: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Nilihisi tumeokota hazina. Maneno mazuri, mafupi, yetu kabisa, na hakuna hata moja nililoliona kwenye ubao wa hoteli niliyopita Nairobi.

Niliyaandika kwa herufi nzuri nikayapeleka kwenye kundi la familia la WhatsApp. Nililolipenda kuliko yote lilikuwa Kawa. Herufi nne tu. Linatamkwa vivyo hivyo na Mgiriama, Mkikuyu na Msomali. Na picha yake ni nzuri: lile kawa la ukindu lenye rangi nyekundu na zambarau, limefunika sinia, na mgeni anangoja lifunuliwe. Nilikuwa nimeshaanza kuuchora ubao kichwani.

Nyanya akanipigia simu. "Kawa? Chakula chakawa, ndivyo mwataka kuwaambia watu?"

Nilishika kichwa. Kukawa ni kuchelewa. Kwetu mtoto akitumwa dukani asirudi huulizwa, "Mbona umekawa?" Nimelisikia neno hilo tangu nizaliwe, na halikunijia hata kidogo, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye kile kifuniko. Kila mtu wa Mombasa angepita pale mlangoni asome kwamba hapa chakula hukawia. Na mtu wa Nairobi, niligundua baadaye, husikia kahawa. Jina moja lilitukosesha wenyeji na wageni kwa pamoja.

Ile simu ndiyo iliyonifundisha namna ya kuyapima majina mengine. Nilikuwa nikiuliza neno lina maana gani. Nikaanza kuuliza lina maana ngapi, na kwa nani. Orodha ikaanza kupukutika.

Koroma ni nazi iliyopita udafu lakini haijakauka, na nyama yake ni tamu sana. Kwa mtu wa bara ni sauti ya anayelala. Kitale ni mji, na mgeni angetarajia mahindi. Mbuzi ya Nazi ilimpendeza mamdogo, ila kila niliyemtajia Nairobi alinyanyua uso akauliza kilo ni bei gani, maana mbuzi huko ni nyama choma. Chungu kilikuwa na mashabiki wengi katika familia. Ni chombo cha kupikia, lakini kikiandikwa peke yake ubaoni kinasomeka kama ladha ya shubiri, na tena ni wale wadudu wa sukari. Tukiwa tunazungumza, sauti na muktadha hututofautishia. Maandishi hayana msaada huo.

Ami alikuwa na jina lake la Kimvita, na alilipigania: Ndooni. Kwetu ndoo ni njoo, na ndooni ni njooni, mwito wa mwenye nyumba anayewakaribisha watu wengi. Nilipenda joto lake. Nilimwonyesha rafiki yangu wa kazini, mzaliwa wa Nakuru, akalisoma mara mbili, akaniuliza kwa nini chakula kiko ndani ya ndoo. Hakuwa akifanya mzaha. Kwa Kiswahili alichofundishwa shuleni, ndooni ni ndani ya ndoo na basi. Ami alisikitika, na mimi nilisikitika pamoja naye, kwa kuwa ile lahaja ndiyo lugha ya jikoni mwetu. Lakini jina la hoteli ya Nairobi litasomwa kwanza na watu wasioijua lahaja hiyo, na hatuwezi kusimama mlangoni kumfafanulia kila mmoja. Tulikubaliana Kimvita kitaingia ndani, kwenye ukuta na kwenye mazungumzo ya wahudumu. Leo neno Ndooni limeandikwa kwa rangi juu ya meza ndefu ya familia, na pale linafahamika kwa sababu mtu ameshakaa na harufu ya nazi iko puani.

Mvita lilipita haraka. Ni jina la kale la Mombasa na lina heshima, lakini ni jimbo la uchaguzi pia, na hatukutaka kuulizwa siasa kila baada ya miaka mitano.

Baada ya kuchuja maana, tulichuja matamshi. Kipimo nilichokitumia kilikuwa simu, kwa sababu ndiyo mlango wa biashara yetu: mteja huagiza kwa simu, na kijana wa bodaboda huelekezwa kwa simu akiwa barabarani na upepo masikioni. Nilichagua watu 10, nusu wa Pwani na nusu wa bara. Nilimpigia kila mmoja, nikamtajia majina mara moja tu, kwa kasi ya kawaida, kisha nikamwomba aniandikie alichokisikia. Sikumweleza maana wala kumwendelezea herufi.

Zoezi lile lilichukua jioni mbili, na lilitufaa kuliko mabishano ya wiki tatu. Forodha ilirudi kama Foroza kwa watu 4, kwa sababu baadhi ya watu wa bara hawaitamki dh, na mtu huandika anavyotamka. Majina yenye l na r yalibadilishana herufi. Ng'ambo ilirudi bila kile kialama cha juu, na hata angekiandika mtu sawasawa kisingesaidia: jina la akaunti ya Instagram halikubali alama hiyo, kwa hiyo ubao ungesema hivi na simu vile. Kisha likaja jina ambalo lilikuwa limebaki mwishoni pamoja na mengine mawili, Kifuu. Nililipenda kwa ajili ya ile methali ya maji ya kifuu kuwa bahari ya chungu. Watu 3 waliandika Kifo. Mmoja aliongeza swali: "Mnafungua nini hasa?"

Tulibaki na mawili, Dafu na Upawa.

Dafu lilisikika vizuri kwa wote 10, na vijana wa familia walilitaka sana. Fupi, la kisasa, lingependeza kwenye kikombe. Mamangu ndiye aliyeuliza swali lililolimaliza. Mtu akiingia Dafu, atatarajia nini mezani? Atatarajia madafu. Nairobi madafu husafirishwa kutoka Pwani. Siku nyingine hayaji, na yakija bei hupanda. Tungekuwa tumejitia kwenye ahadi ambayo lori moja likiharibika njiani tungeivunja. Na samaki wa kupaka, ambaye ndiye hasa tunayemuuza, jina hilo lisingemtaja hata kwa mbali.

Upawa ulikuwa umekaa kimya kwenye orodha muda wote. Ni mwiko wa kipande cha kifuu kilichochongwa, kimetiwa mpini wa kijiti, bapa kuliko kata. Kata ni ya kutekea maji. Upawa ni wa kupakulia mchuzi. Nyanya anao mmoja ulioiva rangi ukawa mweusi kama kahawa, na hauguswi na mtu mwingine. Siku za harusi yeye hukaa kwenye sufuria la mchuzi akapakua mwenyewe. Kila sahani upawa mmoja na nusu, awe tajiri awe yule mtoto wa jirani aliyeingia bila mwaliko. Nilipomtajia neno hilo kama jina la hoteli alicheka, akauliza, "Hamkuona kingine cha thamani?" Kisha akakaa kidogo akasema, "Lakini huo ndio ulishao watu."

Kwenye simu watu 9 kati ya 10 waliuandika sawa. Wa kumi, kijana wa bodaboda wa South C, aliandika "U-pawa", akaniuliza kama ni chakula cha kutia nguvu. Kwa lugha ya mtaani pawa ni nguvu au stima. Familia iligawanyika hapo. Ami aliona tumeangukia palepale, neno letu limegeuzwa. Mimi niliona tofauti kubwa kati ya pawa na kawa. Maana ya pili ya kawa ilimfukuza mteja. Maana ya pili ya upawa inamfanya alikumbuke jina, na haimdhuru mtu. Tena aliyelikosea aliliandika kwa namna ambayo bado akilitafuta atatupata. Tuliupigia kura ukapita, na ami akapewa ukuta wa Ndooni.

Lilibaki jambo moja ambalo sikuwa na hakika nalo. Mtu wa bara hajui upawa ni nini. Je, atajua kwamba ndani kuna wali wa nazi? Hapa ndipo, kwa maoni yangu, watu wengi hukwama: hulitaka jina moja libebe kila kitu, likawa refu, Ladha Halisi za Mapishi ya Pwani, au likawa halisemi lolote. Sisi tulizigawa kazi. Upawa, kwa herufi kubwa, ndilo jina. Chini yake, kwa herufi za theluthi moja ya ukubwa huo, Mapishi ya Mombasa. Mstari wa chini ni wa kawaida kabisa na mwenzetu yeyote anaweza kuutumia, lakini ndio unaomweleza mpita njia. Mstari wa juu ndio wetu.

Tulibishana kidogo juu ya Mombasa au Pwani. Nilisimamia Mombasa. Pwani ni kubwa: mtu wa Lamu akija akakosa mkate wa mofa, au wa Unguja akakosa urojo, atakuwa na haki ya kulalamika. Sisi tunapika cha Kibokoni. Mahamri yetu yana iliki na tui, viazi karai vyetu vina ukwaju, na menyuni majina hayo yameachwa yalivyo. Mamdogo alikuwa ameshauriwa na mtu aandike donati za Kiswahili badala ya mahamri, ili wageni waelewe. Aliandika mahamri, na pembeni, kwa maandishi madogo, maandazi ya nazi na iliki. Anayejua anasoma neno la kwanza. Asiyejua anasogea hatua moja na mara ya pili anaagiza kwa jina lenyewe.

Nilipoliomba Upawa kwenye eCitizen lilipita. Nilidhani basi limekuwa letu. Wakili mmoja, mteja wa biriani ya Ijumaa, ndiye aliyenizindua: kusajili jina la biashara ni kuiambia serikali nani anafanya biashara kwa jina hilo, na hakukupi umiliki wa jina kama nembo. Umiliki huo huombwa KIPI, taasisi ya mali za kiubunifu, ambayo kwa bahati iko hukohuko South C. Maombi hufanywa kwa madaraja ya bidhaa na huduma. Huduma za mkahawa zimo daraja la 43. Kama siku moja tutataka kuuza achari au bizari kwenye chupa zenye jina letu, hayo ni madaraja mengine, huombwa na kulipiwa mbali. Ombi likikubaliwa hutangazwa kwenye jarida lao kwa siku 60, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Likisajiliwa linadumu miaka 10, kisha huhuishwa. Wakili aliniambia pia kwamba Ladha za Pwani isingefika mbali huko hata kama ingekuwa ya kwanza, kwa kuwa ni maelezo tu ya kinachouzwa na mahali kinakotoka. Upawa, kwa huduma ya mkahawa, si maelezo ya chakula chochote. Tuliomba daraja la 43 peke yake, kwa jina la kampuni ya mamangu na mamdogo kwa pamoja, sio la mmoja wao. Hilo nyanya alilisisitiza.

Kabla ya fundi kupaka ubao, nililichapisha jina kwenye karatasi, nikaibandika juu ya mlango, nikavuka barabara. Kwa herufi za mviringo zenye mikia alizozipenda fundi, u na w zilifanana na jina likasomeka kama mawimbi. Tukaenda kwa herufi kubwa zilizosimama, UPAWA, nyeupe juu ya kijani kibichi. Nilivuka tena nikalisoma nikiwa ndani ya matatu inayopita, na nililiona lote kabla hatujaipita nguzo ya stima.

Nyanya alikuja na treni mwezi wa pili baada ya kufungua. Hakusema kitu nje. Aliingia moja kwa moja jikoni, akafungua sufuria, akaonja, akamwambia mamdogo aongeze ndimu. Kisha akatoa kwenye mkoba wake kitu alichokifunga kwa leso. Ulikuwa ule upawa mweusi. Nilidhani ameuleta utundikwe ukutani, nikawa natafuta msumari. Akanitazama kwa mshangao, akauosha, akavuta kigoda, akaanza kupakua.

Mtoto wa meza ya mbele akamuuliza mamake kile kijiko cha bibi kinaitwaje. Yule mama akageuka, akasoma ubao uliokuwa nyuma yangu, akarudi kumtazama nyanya.

"Ni upawa," akamwambia.